Thailakoidi gizani zimeunda ATP: mwongozo wa usahihishaji unasema haiwezekani. Nani yuko sahihi?

Mwalimu_Miyuji

Wakuu wa biolojia na kemia, habari za humu. Nasahihisha mtihani wa ujirani mwema wa Kidato cha Sita na nimekwama swali moja. Linasema hivi: thailakoidi zilizotolewa kwenye majani ya spinachi zililowekwa gizani kwenye asidi yenye pH 4, kisha zikahamishwa haraka kwenye myeyusho wa pH 8 wenye ADP na fosfati, giza likiwa bado lile lile. Je, ATP itaundwa? Eleza.

Mwongozo wa usahihishaji unasema ATP haitaundwa kwa sababu hakuna mwanga wa kusukuma elektroni. Wanafunzi wanne wameandika kwamba itaundwa, na kwa mwongozo ulivyo wanapata sifuri. Mimi naona wanne hao ndio walioelewa somo, lakini nataka hoja kamili kabla sijaenda kubishana na wenzangu. Naomba pia kujua kama jambo hilo hilo lingefanyika kwa mitokondria, maana nina uhakika ndilo swali litakalofuata kikaoni.

Kilimani_07

Mwalimu, wape alama zao. Mfano rahisi ni Bwawa la Mtera. Mvua ndiyo inayojaza bwawa, lakini turbini haiijui mvua, inajua maji tu. Ukipata namna nyingine ya kujaza maji, umeme unatoka. Mwanga ndiyo mvua, protoni ndiyo maji, na ATP sinthesi ndiyo turbini. Kulowekwa kwenye pH 4 kumejaza bwawa. Protoni zikipita, nguvu yake inagongelea fosfati kwenye ADP na ATP inapatikana.

Kwa mitokondria ni vile vile, protoni ni protoni. Weka pH 4, hamishia pH 8, utapata ATP.

Nala_Biokemia

Mwalimu, wanafunzi wako wako sahihi, na jaribio lenyewe lilifanyika kweli. André Jagendorf na Ernest Uribe walilitangaza mwaka 1966, miaka mitano baada ya Peter Mitchell kutoa wazo lake la kemiosmosi mwaka 1961, yaani kwamba tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando ndiyo inayoendesha uundaji wa ATP. Wakati ule wengi walikuwa wakitafuta kemikali ya kati yenye nishati nyingi, ambayo ingeichukua nishati ya elektroni na kuikabidhi kwa ADP. Haikupatikana. Jaribio la gizani lilionyesha kwamba haihitajiki: hakuna mwanga, hakuna elektroni inayosafiri, kuna tofauti ya pH tu kati ya ndani na nje ya utando, na ATP inatoka. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1978.

Kwa hiyo aliyeandika mwongozo amechanganya mambo mawili. Mwanga unahitajika ili kuijenga tofauti ya protoni. Kuitumia hakuhitaji mwanga.

Ndugu wa Kilimani, mfano wa Mtera unafaa kwa hapo, ila una makosa mawili yatakayomwangusha mwalimu kikaoni. La kwanza ni mitokondria, na sio vile vile hata kidogo. La pili ni hilo la kugongelea fosfati. Nayajibu kila moja peke yake.

Kuhusu mitokondria, angalia kwanza kichwa cha kimeng'enya kinaelekea wapi. Kwenye thailakoidi kichwa kimetokeza nje, upande wa stroma, na protoni zinarundikana ndani ya kifuko. Kwa hiyo unahitaji ndani kuwe na asidi na nje kusiwe nayo, na ndicho kilichopatikana kwa kuloweka pH 4 kisha kuhamishia pH 8. Kwenye mitokondria nzima kichwa kinaelekea ndani, kwenye matriksi, na protoni zinasukumwa kwenda nje ya utando wa ndani. Ukiiloweka kwenye asidi hadi ndani yake nako kuwe na asidi, kisha ukaihamishia pH 8, umeweka tofauti kinyumenyume. Hapo kimeng'enya hakina kinachokisukuma kuunda ATP. Kwa mitokondria nzima inabidi pH ya ndani ibaki juu na ya nje ishushwe ghafla. Ama uzivunje kwa mawimbi ya sauti, vipande vya utando vijifunge upya vikiwa vimegeuka nje-ndani, halafu ufuate utaratibu ule ule wa thailakoidi.

Mwalimu_Miyuji

Asante sana Dada Nala. Hili la mwelekeo peke yake limenifungua macho, maana vitabu vingi vinachora picha mbili tofauti bila kusema kwa nini moja imepinduka.

Swali la nyongeza: nimeona mahali kwamba asidi iliyotumika haikuwa asidi yoyote tu, ilikuwa ya suksiniki. Kuna sababu? Mwanafunzi mmoja ameandika asidi ya hidrokloriki na nimeshindwa kumhukumu.

Nala_Biokemia

Sababu ipo, na inapendeza ukiifanyia hesabu. Chukua kifuko kimoja cha thailakoidi chenye kipenyo cha nanomita 500 na uwazi wa ndani wa nanomita 7 hivi. Ujazo wake ni kama lita 1.4 × 10⁻¹⁸. Kwenye pH 4 lita moja ina moli 0.0001 ya protoni huru. Zidisha hivyo viwili, kisha zidisha kwa 6 × 10²³ ili upate idadi. Jibu ni protoni kama 80. Themanini tu, kifuko kizima!

Kimeng'enya cha kloroplasti ya spinachi kinatumia protoni 14 kuunda ATP 3, yaani karibu 4.7 kwa kila moja. Protoni 80 zinakupa ATP 17 basi, tena kama hazivuji. Kiasi hicho ni kidogo mno.

Asidi ya suksiniki inatibu hilo. Kwenye pH 4 sehemu kubwa yake bado imeshika protoni zake na haina chaji, kwa hiyo inapenya utando taratibu na kuingia ndani ya kifuko. Ikiwa ndani kwa milimola 10, kifuko chetu kina molekuli zaidi ya 8,000, na kila moja inaweza kuachia protoni moja na nusu hivi pH ya ndani inapopanda. Sasa una protoni zaidi ya elfu kumi badala ya 80. Asidi ya hidrokloriki haiwezi kuweka akiba ya namna hii kwa sababu yenyewe huachia protoni zote papo hapo. Inaweza kushusha pH, na protini za utando zenyewe hushika protoni kiasi, kwa hiyo utapata ATP, lakini kidogo.

Ningempa mwanafunzi huyo alama ya kuelewa na kumwandikia pembeni: nguvu ipo, akiba haipo. Hivyo ni vitu viwili. Tofauti ya pH inasema kila protoni inasukumwa kwa kiasi gani. Akiba inasema zitasukumwa ngapi kabla tofauti yenyewe haijaisha.

Zabibu_Mpunguzi

Samahani wataalamu, mimi ni mkulima, naomba kueleweshwa. Kama asidi inafanya jani litengeneze nguvu usiku bila jua, je, nikinyunyizia mizabibu yangu siki iliyochanganywa na maji jioni, haitakua haraka? Maana mwaka huu mawingu yalikuwa mengi wakati wa kutunga matunda.

Nala_Biokemia

Kaka wa Mpunguzi, usifanye hivyo, utaunguza majani. Jaribio linalozungumzwa hapa lilifanywa kwa vifuko vilivyokwisha kutolewa kwenye jani na kumenywa tabaka zote za nje. Kwenye jani zima asidi yako inakutana kwanza na nta ya jani, kisha utando wa seli, kisha tabaka mbili za kloroplasti, na kote huko seli inapigana kuirudisha pH mahali pake. Ikifika ndani kwa wingi wa kutosha kufanya lolote, seli imeshakufa.

Tena hata ingefika, tofauti ya pH inatoa ATP tu. Sukari ya zabibu inahitaji pia NADPH, na hiyo inatoka kwa elektroni zinazosukumwa na mwanga. Mlowesho wa asidi hautoi hata elektroni moja.

Zabibu_Mpunguzi

Nimekuelewa dada, ubarikiwe. Naiacha siki jikoni.

Kilimani_07

Dada Nala, nakubali kuhusu mwelekeo. Ila hilo la pili sijaridhika. Kama protoni haigongelei fosfati, inafanya nini? Nishati lazima iende kwenye kile kifungo.

Nala_Biokemia

Hapa ndipo uzuri wa mashine hii ulipo, na ndipo wengi wetu tulipofundishwa nusu.

Protoni haikaribii ADP hata kidogo. Iko mbali nayo, chini kwenye utando, na ADP iko juu kichwani. Ifuate protoni moja. Inaingia kwenye mfereji nusu, ulio kwenye sehemu tuliyoipa herufi a. Mfereji huo haufiki upande wa pili, unaishia katikati ya utando. Hapo protoni inakutana na gurudumu lililoundwa na vipande vinavyofanana, vinaitwa c, na kila kipande kina asidi ya glutamiki moja yenye chaji hasi. Protoni inakaa juu yake na kuifuta chaji. Kipande kisicho na chaji sasa kinaweza kuingia kwenye mafuta ya utando, kwa hiyo gurudumu linasogea hatua moja. Kipande kinachofuata kinakuja mbele ya mfereji. Protoni yetu inazunguka na gurudumu karibu mzunguko mzima ndipo inafika kwenye mfereji nusu wa pili, unaofunguka upande mwingine, na kutoka.

Katikati ya gurudumu umesimama mhimili, gama, ambao umepinda kidogo na umeingia ndani ya kichwa. Kichwa chenyewe hakizunguki kwa sababu kimeshikwa na mkono wa pembeni. Mhimili ukizunguka ndani ya kichwa, ule upinde wake unavibana na kuviachia vyumba vitatu kwa zamu. Chumba kimoja kimelegea na kinapokea ADP na fosfati. Kingine kimebana sana, na humo ndani ADP na fosfati zinageuka ATP karibu bila gharama yoyote, zinakwenda na kurudi. Shida ni kwamba ATP hiyo imeshikwa mno, haitoki. Nishati ya protoni inatumika hasa kukifungua chumba ili ATP iachiliwe. Paul Boyer ndiye aliyelipendekeza hilo, John Walker akaonyesha umbo la kichwa lenye vyumba vitatu visivyofanana, na wote wawili wakapata Nobeli mwaka 1997.

Kwa hiyo ukirudi Mtera: maji hayagusi taa ya mtu wa Kilimani. Yanazungusha mhimili.

Kilimani_07

Nimenyoosha mikono. Kumbe nishati inalipia kutoka na si kuunganisha. Hili sikuwahi kuambiwa.

Ihumwa_Maabara

Naongeza jambo moja, kwa sababu kuna mtu makini atalileta kikaoni kumpinga mwalimu. Atasema: ATP sinthesi ya kloroplasti hufungwa gizani, sasa iliwezaje kufanya kazi? Na hana makosa. Kwenye gama ya kloroplasti ya mimea kuna jozi ya salfa ambazo gizani hushikana na kuwa kama komeo. Faida yake ni kwamba usiku kimeng'enya kisizunguke kinyume na kuila ATP iliyopo.

Lakini komeo hilo halizibi kabisa. Linapandisha kiwango cha msukumo kinachohitajika kukiamsha kimeng'enya. Mlowesho wa pH 4 kwenda 8 unatoa tofauti ya 4 nzima, kubwa kuliko inayopatikana kwenye jani la kawaida mchana, kwa hiyo kinaamka hata kikiwa na komeo. Ukirudia jaribio kwa pH 6 kwenda 8, usishangae ukapata patupu.

Mwalimu_Miyuji

Mkuu Ihumwa, umeniokoa, maana yupo mwenzetu ambaye hilo ndilo atakaloanza nalo.

Sasa naomba turudi kwenye mitokondria. Dada Nala alisema sio vile vile "hata kidogo". Ni mwelekeo peke yake, au kuna zaidi?

Nala_Biokemia

Kuna zaidi, na mfano wa bwawa ndipo unapokwama. Bwawa lina kitu kimoja, kimo cha maji. Protoni ina chaji, kwa hiyo inasukumwa na vitu viwili: tofauti ya pH na tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando. Ukiziweka kwenye kipimo kimoja, pH moja ni sawa na milivolti 60 hivi.

Mitokondria inayofanya kazi ina tofauti ya pH ndogo, tuseme 0.75, ambayo ni milivolti 45. Lakini ina umeme wa kama milivolti 150, ndani kukiwa hasi. Jumla karibu 195. Kwa kila moli ya protoni hiyo ni kilojuli 19 hivi. Gurudumu la mitokondria ya ng'ombe lina vipande 8, kwa hiyo protoni 8 kwa ATP 3, yaani 2.67 kwa moja. Zidisha, unapata kama kilojuli 50, na ATP kwenye seli inagharimu takribani hizo hizo. Inatosha kwa shida.

Thailakoidi inafanya kinyume. Utando wake unaruhusu kloridi na magnesi kupita na kusawazisha chaji, kwa hiyo umeme unapungua na pH ndiyo inabaki kubeba mzigo. Kwenye jaribio lenu: 4 mara 59 ni milivolti 236, kilojuli 22.8 kwa moli, mara 4.67 ni zaidi ya kilojuli 100. Mwanzoni nguvu ni ya kumwaga. Tofauti ikishuka ikakaribia 2, hesabu inafika kama 53, na mashine inasimama hata kama protoni bado zipo ndani.

Mwanafunzi akiandika kwamba mitokondria inaendeshwa na tofauti ya pH peke yake, amekosa robo tatu ya jibu.

Ihumwa_Maabara

Nakubaliana na hesabu, ila kuhusu thailakoidi kwenye jani hai nisingekuwa na uhakika kiasi hicho. Kile kisemwacho vitabuni, kwamba ndani ni pH 5 na nje 8, ni cha vifuko vilivyotolewa na kumulikwa kwa nguvu. Wapo watafiti wanaokadiria kwamba kwenye jani lenyewe ndani haishuki sana chini ya 6, na kwamba sehemu ya msukumo ni umeme kweli. Wanabishana hadi leo ni sehemu kiasi gani.

Nala_Biokemia

Sawa, hilo nalipokea. Nilisema juu ya vifuko vilivyotolewa. Kwa jani hai tuache wazi.

Afya_Bahi

Habari zenu. Mimi niko upande wa kuzuia malaria. Kuna vyandarua vipya vyenye viuatilifu viwili, kimoja ni klofenapiri. Niliambiwa kinaua mbu kwa kuharibu ATP na si mishipa ya fahamu. Je, ni mambo haya haya mnayojadili? Na kwa nini mbu hafi papo hapo, wananchi wanalalamika kwamba anaruka tu?

Nala_Biokemia

Ni haya haya. Klofenapiri yenyewe haina nguvu sana hadi vimeng'enya vya mbu mwenyewe viibadilishe. Kinachopatikana ni kitu chenye uwezo wa kubeba protoni na kupenya mafuta ya utando. Kinachukua protoni nje, kinapita, kinaiachia ndani, kinarudi kuchukua nyingine. Protoni zinarudi bila kupitia kwenye gurudumu, na mhimili hauzunguki. Mbu anaendelea kula akiba yake na kutumia oksijeni kwa kasi, lakini ATP haipati. Hayo ya kubadilishwa kwanza na ya kuishiwa polepole ndiyo yanayochelewesha kifo, kwa hiyo wanaopima vyandarua hivi huwahesabu mbu hadi saa 72. Waambieni wananchi kwamba anayeruka usiku huu si ushahidi kwamba chandarua hakifanyi kazi. Utafiti uliofanyika Misungwi, Mwanza, na kutangazwa mwaka 2022 ulionyesha vinapunguza malaria kuliko vile vya zamani vya kiuatilifu kimoja.

Angalizo: dawa ya shambani yenye klofenapiri ikimezwa na mtu ni hatari sana. Joto la mwili linapanda, jasho linatoka, na hali inaweza kuwa mbaya siku kadhaa baadaye wakati mwanzoni alionekana mzima. Hakuna dawa ya kuizima. Asisubiri dalili, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ihumwa_Maabara

Kwa wanaotaka kujua maabara inatofautishaje sumu inayoziba na sumu inayovujisha: pima kasi ya oksijeni inayotumiwa na mitokondria. Weka oligomaisini, ambayo inaziba njia ya protoni kwenye gurudumu. Protoni hazina pa kurudia, zinarundikana, elektroni zinashindwa kusukuma zaidi, matumizi ya oksijeni yanapungua. Sasa ongeza dinitrofenoli, ambayo inavujisha. Matumizi ya oksijeni yanapanda tena ghafla, wakati ATP bado ni sifuri. Sumu ingekuwa imeziba njia ya elektroni yenyewe, kuongeza dinitrofenoli kusingesaidia kitu.

PCB_Dodoma

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita. Naomba kuuliza, glukosi moja inatoa ATP 38, 36, 32 au 30? Kila kitabu kina yake na mtihani uko karibu.

Nala_Biokemia

Marahaba mdogo wangu. 38 na 36 zilitokana na kudhani kwamba NADH moja ni ATP 3 kamili na FADH₂ ni 2. Baada ya protoni kuanza kuhesabiwa, namba zikashuka. NADH moja inasukuma protoni 10. ATP moja inahitaji 2.67 za kuzungusha gurudumu, halafu moja nyingine inalipia kuingiza fosfati na kubadilishana ADP na ATP kwenye utando wa ndani. Jumla 3.67. Gawanya 10 kwa 3.67, unapata 2.7. Wanaosema 2.5 wamehesabu protoni 4 badala ya 3.67. Ukitumia 2.5 na 1.5 unapata 32, au 30 kama NADH za nje ya mitokondria zimepitia njia ya gliserofosfati inayopoteza kidogo. Na bado kuna protoni zinazovuja zenyewe.

Mwalimu_Miyuji

Mwanangu, andika namba ya kitabu chenu cha rejea, kisha andika sentensi moja ya sababu. Mimi nampa alama anayeonyesha sababu.

Ihumwa_Maabara

Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Akiandika 38 kwa sababu tu kitabu kimesema, tutaendelea hivi hivi miaka yote. Aandike 30 hadi 32.

Mwalimu_Miyuji

Msahihishaji wake wa mwisho si mimi wala wewe, mkuu. Tukubali kutofautiana.

La mwisho kwangu: kuna jaribio lolote naweza kufanya shuleni kuonyesha tofauti ya protoni? Hatuna kifaa cha kupima ATP. Tuna DCPIP, barafu ya kununua, mizani na blenda.

Ihumwa_Maabara

Lipo. Huwezi kuiona ATP, lakini unaweza kuona breki. Protoni zikijaa ndani ya kifuko na hakuna ADP ya kuzitumia, elektroni zinapunguza mwendo. Ukizivujisha, elektroni zinakwenda haraka zaidi, na DCPIP inapoteza rangi ya buluu mapema. Cha kuvujisha ni kloridi ya amonia: amonia inaingia kwenye kifuko ikiwa haina chaji na kuzimeza protoni humo.

Tengeneza myeyusho wa sukari nyeupe gramu 13.7 kwa mililita 100, ndani ya bafa ya fosfati ya pH 7.5, upoe hadi ukaribie kuganda. Spinachi mbichi ya Soko la Majengo gramu 20, toa mishipa, piga na blenda mara tatu kwa sekunde tatu tatu, si zaidi. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, funga kwenye karatasi ya aluminiamu, weka kwenye barafu. Itumie ndani ya saa moja.

Kila tyubu iwe na mililita 8 za bafa ile ile bila sukari, mililita moja ya DCPIP ya milimola 1 na nusu mililita ya mchujo. Kukosekana kwa sukari hapo ni makusudi: tabaka la nje la kloroplasti linapasuka na thailakoidi zinabaki. Tyubu ya kwanza iache hivyo. Ya pili ongeza mililita 0.1 ya kloridi ya amonia ya mola 1, yaani gramu 5.35 kwa mililita 100. Ya tatu ongeza chumvi ya kawaida kwa mola hiyo hiyo, ili asitokee wa kusema ni chumvi tu. Ya nne funika isipate mwanga. Taa iwe sentimita 20, na katikati weka bika la maji lizuie joto. Ya pili inatakiwa kuzitangulia nyingine kupoteza buluu.

Mwalimu_Miyuji

Na kama ya kwanza na ya pili zikienda sawasawa?

Ihumwa_Maabara

Basi vifuko vyako vilikuwa vinavuja tayari, breki haikuwepo tangu mwanzo. Mara nyingi ni blenda kuzidishwa, au mchujo kukaa nje ya barafu, na kwa joto la Dodoma la Novemba dakika 10 mezani zinatosha kuuharibu. Angalia pia pH. Ikiwa bafa imeshuka chini ya 7, amonia isiyo na chaji inakuwa chache mno na ya pili haitaonyesha kitu hata vifuko vikiwa vizima. Ikiwa ya nne nayo inapauka, tatizo si protoni: kuna kitu kingine kwenye mchujo kinachoibadilisha DCPIP, kwa hiyo upunguze mchujo hadi robo mililita uanze upya.

Mwalimu_Miyuji

Nimenakili yote. Kikao ni Alhamisi, nitafanya jaribio Jumatano asubuhi kabla jua halijakolea, na tyubu nne nitaingia nazo mkononi.